Tangramu ya Kadi: Kumfikisha Mtoto Kutoka Pembetatu Mbili Hadi Mraba wa Vipande Saba

Mara nyingi mtoto hupewa tangramu, yaani vipande saba vilivyokatwa kutoka mraba mmoja, pamoja na picha nyeusi ya paka au mashua, akaambiwa aitengeneze. Anahangaika dakika kumi, mzazi anachungulia jibu na kumwonyesha, mtoto anapanga alivyoonyeshwa, mchezo umekwisha. Alichojifunza ni jibu la paka. Paka akibadilishwa kuwa sungura, tunarudi pale pale.

Na watoto wa Gredi ya 3 hadi ya 5 hapa mtaani kwetu Umoja, mimi huanza na umbo ambalo hawalioni kuwa la ajabu hata kidogo: mraba. Swali ni moja tu. Tengeneza mraba kwa vipande viwili. Sasa kwa vitatu. Sasa vinne, vitano, sita, saba. Swali hilo lina kazi ya wiki kadhaa, na ndani yake kuna ngazi moja isiyowezekana kabisa, ambayo mtoto wa miaka kumi anaweza kueleza mwenyewe kwa nini haiwezekani. Picha za wanyama zinakuja baadaye, na zikija zinakuwa rahisi.

Kadi na kuchora

Kadi nzuri ni ya boksi la nafaka ya asubuhi au boksi la viatu. Katoni nene yenye mawimbi ndani haifai, kwa sababu ukiikata kingo zinabonyea na vipande havikai ubavu kwa ubavu. Manila ya duka la vitabu ni laini mno ikiwa moja. Bandika mbili kwa gundi, uzilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Hakikisha pande mbili za kadi zinafanana. Boksi lina maandishi na rangi upande mmoja, na kijivu upande wa pili, na mtoto akiona hivyo huamua mwenyewe kwamba upande wa rangi ndio wa juu. Hatakipindua kipande hata kimoja, na kuna mahali mbele ambapo bila kupindua hatoki. Kwa hiyo bandika karatasi nyeupe pande zote mbili kabla ya kuchora.

Chora mraba wenye ubavu wa sentimita 16. Pima kutoka pembe hadi pembe kwa njia zote mbili. Vipimo vinapaswa kulingana, takribani sentimita 22.6. Visipolingana, mraba wako umeinama na kila kipande kitakachotoka humo kitakuwa na kasoro. Weka alama kila sentimita 4 kwenye pande zote nne, kisha unganisha alama kwa penseli nyepesi. Unapata viboksi 16, vinne kwa vinne. Vitatusaidia kuchora, na vitatusaidia tena tutakapofika kwenye mraba wa vipande sita.

Ita pembe ya juu kushoto A, ya juu kulia B, ya chini kulia C, na ya chini kushoto D. Sasa chora kwa kalamu mistari mitano:

1. Kutoka D hadi B. Katikati ya mstari huu, ambapo ndipo katikati ya mraba mzima, andika O.
2. Katikati ya ubavu BC andika E, na katikati ya ubavu DC andika F. Unganisha E na F.
3. Kutoka A pita O hadi ukutane na mstari EF. Simama hapo, andika G. Usiendelee hadi C, maana watu wengi huteleza hapa na kujikuta na vipande vinane.
4. Kutoka G panda wima, ukifuata mstari wa penseli, hadi ukutane na mstari DB. Hapo ni H.
5. Kutoka F panda kwa mshazari kuelekea kushoto, ukikata kiboksi kimoja tu pembe kwa pembe, hadi mstari DB. Hapo ni K.

Hesabu: pembetatu kubwa mbili, ya kati moja, ndogo mbili, mraba mdogo mmoja, na umbo moja la pande nne lililoinama, yaani msambamba. Saba.

Mtoto achore, mtu mzima akate. Mkasi huacha kingo zilizopinda; kisu cha karatasi na rula ya chuma juu ya ubao ni bora zaidi. Kata DB kwanza ili upate nusu mbili. Nusu ya juu kata A hadi O. Nusu ya chini kata EF, halafu OG, mwisho GH na FK.

Kisha pima kazi yako bila rula. Pembetatu ndogo mbili zikipangwa vizuri zinapaswa kufunika ule mraba mdogo barabara, zifunike ile pembetatu ya kati, na zifunike msambamba. Kitu kikijitokeza nje zaidi ya milimita moja, kata upya kipande hicho. Milimita moja kwenye kipande kimoja haionekani, lakini vikikaa vitano pamoja inakuwa mwanya, na mtoto mwerevu ataona mwanya huo akatupilia mbali jibu lililo sahihi. Kila seti itie kwenye bahasha yake.

Sema kwanza, ndipo uguse

Mpe mtoto pembetatu ndogo mbili peke yake. Vingine vibaki kwenye bahasha. Kabla hajagusa, mwulize: "Ukiunganisha hizi mbili, ubavu mzima kwa ubavu mzima, utapata maumbo gani?" Achore anachodhani. Baada ya kuchora, ajaribu.

Kanuni hii ya kusema kabla ya kugusa ndiyo kiini cha mazoezi yote. Mtoto anayesukumasukuma vipande mezani atapata jibu siku moja kwa bahati, lakini vidole ndivyo vitakuwa vimefanya kazi. Tunachotaka akizungushe kipande akilini kwanza. Mchoro wake wa kubahatisha unaweza kuwa umekosea kabisa, na haina neno, mradi umechorwa kabla ya mkono kushika kadi.

Majibu ni matatu. Pande ndefu zikigusana, anapata mraba. Pande fupi zikigusana, anapata ama pembetatu kubwa kidogo ama msambamba, kutegemea alivyozungusha. Wengi hupata mraba na pembetatu mara moja. Msambamba huchelewa, na mtoto akiupata kwa bahati huwa anauvunja akidhani amekosea. Mzuie. Mwambie aulinganishe na vipande vilivyo kwenye bahasha.

Hapo anagundua kwamba mraba mdogo, pembetatu ya kati na msambamba, ingawa havifanani hata kidogo kwa sura, vyote vinachukua pembetatu ndogo mbili. Usimwambie. Mwache aweke kimoja juu ya kingine mpaka aseme mwenyewe. Sentensi hiyo ikitoka kinywani mwake, amepata kifaa atakachokitumia hadi mwisho: popote palipo na kimoja cha hivyo vitatu, panaweza kukaa ndogo mbili.

Pembetatu kubwa kwa njia tatu

Weka pembetatu kubwa moja mezani. Kazi: ifunike kwa pembetatu ndogo mbili pamoja na kimoja kati ya vile vitatu. Afanye kwa mraba, kisha kwa pembetatu ya kati, kisha kwa msambamba.

Kwa pembetatu ya kati ni haraka, kwa sababu ndogo mbili zinatengeneza ya kati ya pili, na za kati mbili zinafunika kubwa. Kwa mraba, kitendawili kiko kwenye pembe. Mtoto huulaza mraba kwenye ubavu mrefu, halafu anabaki na nafasi ambazo hakuna kipande kinachotoshea. Mwulize swali moja tu: "Mraba una pembe za aina gani, na pembetatu kubwa ina pembe ya aina hiyo wapi?" Ipo moja. Akiutia mraba kwenye pembe hiyo, nafasi zinazobaki kila upande ni pembetatu ndogo zenyewe.

Msambamba ndio mgumu. Ndogo moja inakaa kwenye pembe mraba, ya pili kwenye ncha moja, na msambamba unalala katikati. Ukiona mtoto amekwama, mpunguzie uzito bila kumpa jibu: chora mstari mmoja kwenye karatasi kuonyesha kipande kimoja kinakaa wapi, kisha ondoa mkono wako. Kumwekea kipande kwa mkono wako kunamnyang'anya kazi; mstari bado unamdai achague kipande na akizungushe.

Kupanda ngazi za mraba

Mraba wa vipande viwili ameshaufanya. Wa vitatu: ndogo mbili na ya kati, wengi huupata. Wa vinne unatokana moja kwa moja na kazi ya juu. Pembetatu kubwa mbili zinafanya mraba. Ondoa kubwa moja, weka badala yake vipande vitatu vinavyoifunika. Mtoto aliyepitia pembetatu kubwa kwa njia tatu atakuambia mwenyewe kwamba mraba wa vinne una njia tatu. Asiposema, rudi nyuma hatua moja, kwa maana bado anaona picha na haoni ubadilishanaji.

Mraba wa vitano ndipo nataka tukae. Vipande ni vyote isipokuwa kubwa mbili: ndogo mbili, ya kati, mraba na msambamba. Vinafanya mraba ulio sawa na ule wa kubwa mbili, ubavu wake takribani sentimita 11.3.

Binti mmoja wa Gredi ya 4 alianza vizuri sana. Aliilaza pembetatu ya kati ubavu wake mrefu ukiwa upande wa kushoto wa mraba anaoujenga, ncha ikielekea katikati. Mraba mdogo akauweka kwenye pembe ya juu kulia. Kati ya viwili hivyo, juu, palikuwa na pengo, pembetatu ndogo ikaingia. Mkononi alibaki na ndogo ya pili na msambamba, na chini palikuwa na nafasi ndefu yenye pande nne. Akauweka msambamba. Haukuingia. Akauzungusha nusu mzunguko, haukuingia. Robo mzunguko, haukuingia. Akasema, "Mwalimu, hii ya kwanza imekosewa," na akaanza kuvunja kila kitu.

Alikuwa amebakiza hatua moja. Dalili ilikuwa kule kuzungusha. Msambamba ukizungushwa nusu mzunguko unarudi sura ile ile, kwa hiyo alikuwa anajaribu kitu kimoja mara mbili. Alichohitaji ni kuupindua, upande wa chini uje juu.

Katika hali kama hiyo usiseme "pindua". Simamisha mraba, chukua karatasi, na umpe jaribio hili fupi. Achukue kila kipande kati ya vile saba, akichore kukizunguka kwa penseli, akipindue, halafu ajaribu kukirudisha ndani ya mchoro wake kwa kukizungusha tu. Pembetatu zote zitarudi. Mraba utarudi. Msambamba peke yake utakataa, azungushe atakavyo. Binti yule alipofika hapo alinyamaza kidogo, akarudi kwenye mraba wake, akaupindua msambamba. Ukaingia chini ya ile ya kati, na pembetatu ndogo ya mwisho ikajaza pembe ya chini kulia.

Hii ndiyo sababu ya karatasi nyeupe pande zote mbili. Pia ndiyo sababu ya kujua jibu vizuri kabla ya kukaa na mtoto. Jibu hilo lina pacha wake, kama linavyoonekana kwenye kioo: mraba mdogo ukiwa pembe ya chini kulia, msambamba unahitajika kwa uso ule mwingine. Mtoto anaweza kukamilisha bila kupindua chochote, kwa sababu tu alianzia upande uliomfaa. Akifanya hivyo, mwambie auhamishie mraba mdogo pembe ya juu, ya kati ibaki pale pale, uone atafanya nini.

Vipande sita

Wape sita bila kuwaambia kwamba haiwezekani. Wachague wenyewe ni kipi cha kuacha. Dakika kumi na tano zinatosha. Zaidi ya hapo ni kuwachosha. Halafu uliza: "Tunajuaje kama tumeshindwa sisi, au kama mraba wenyewe haupo?"

Sasa viboksi vya mwanzo vinarudi. Pembetatu ndogo ina eneo sawa na kiboksi kimoja. Kwa hiyo ndogo ni 1 na 1, ya kati, mraba na msambamba ni 2 kila kimoja, kubwa ni 4 na 4. Jumla 16, kama viboksi. Mtoto aandike mraba alioujenga kila mara ulikuwa na viboksi vingapi: 2, 4, 8, na mzima 16. Kisha atoe kipande kimoja kutoka 16. Akiacha ndogo anabaki na 15, akiacha ya ukubwa wa kati anabaki na 14, akiacha kubwa anabaki na 12. Hakuna hata moja kwenye orodha yake.

Atakayeuliza kama kuna mraba mwingine ambao hatujauona, na wapo wanaouliza, mpe vipimo. Pande za vipande ni za sentimita 5.66, 8, 11.3 au 16, na ubavu wa mraba wowote lazima ujengwe kwa pande hizo. Mraba wa viboksi 8 una ubavu wa 11.3, na mraba mzima una 16. Kati ya hapo urefu unaoweza kuupata ni mmoja tu, 5.66 na 8 pamoja, yaani 13.66. Eneo la mraba wa ubavu huo ni viboksi 11 na zaidi ya nusu, na sisi hatuna kipande cha nusu wala robo kiboksi. Kwa wa miaka minane hesabu hii ni nzito, orodha inamtosha. Wa miaka kumi apewe kikokotoo aifanye.

Saba, na yale yanayofuata

Mraba wa saba huwakwamisha kwa sababu huweka kubwa mbili kwenye pembe zinazotazamana, kila moja upande wake. Mwulize: "Kubwa mbili pamoja zina viboksi vingapi kati ya 16?" Nane, yaani nusu. Basi nusu moja ya mraba inaweza kuwa kubwa mbili zilizoshikana, na vitano vilivyobaki vijenge pembetatu ya ukubwa ule ule. Ya kati inakaa kwenye pembe mraba ya nusu hiyo. Kati ya vilivyobaki, auachie msambamba nafasi yake mapema, maana ndio unaokosa pa kwenda ukisubiri mwisho.

Mwaka 1942, Fu Traing Wang na Chuan-Chih Hsiung walithibitisha kwamba vipande saba vinaweza kutengeneza maumbo 13 tu yasiyo na mbonyeo popote: pembetatu moja, maumbo sita ya pande nne, mawili ya pande tano na manne ya pande sita. Hiyo ni orodha nzuri ya kumpa mtoto baada ya mraba, na inampa pia kipimo cha kujua kama ameelewa. Mwambie atengeneze pembetatu moja kubwa kwa vyote saba.

Mtoto anayevivuruga vyote na kuanza upya bado anategemea bahati. Mwingine atautazama mraba wake, aone kwamba umegawanyika pembe kwa pembe katika nusu mbili zinazolingana, na kukumbuka kwamba pembetatu mbili zinazolingana huwa mraba, au pembetatu, au msambamba, kama zile ndogo mbili za siku ya kwanza. Ataisogeza nusu nzima yenye vipande vitano kwa viganja viwili bila kuivunja, aizungushe, pembetatu ipatikane. Ukimwambia afanye na msambamba mkubwa, ataisogeza tena.

Hapo ndipo nampa picha ya paka. Kwanza picha yenye ukubwa ule ule wa vipande, aweze kupanga juu yake. Wiki inayofuata picha ndogo ya nusu ya hapo, ambayo haipangiki juu yake na inabidi ukubwa aubebe kichwani. Watoto wawili wakiwapo, nawakalisha mgongo kwa mgongo kwenye mkeka: mmoja ana umbo lililokamilika, mwingine ana vipande, na wa kwanza aeleze kwa maneno tu mpaka la pili lifanane. Msambamba ndio unaowagombanisha kila mara, mpaka mmoja wao aulize, "Wako umeinamia kulia au kushoto?"